Raba Safi, Suruali ya Fundi

Kiatu cheusi kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa wanne. Saizi 42, ngozi, kamba nyembamba, soli ngumu inayogonga sakafu. Mwenzetu wa saizi 41 alikuwa anaweka karatasi mbele ya vidole. Yule wa 44 alikuwa anakunja vidole na kuvumilia. Tulikiita kiatu cha ofisi, na kilikuwa na ratiba yake kama bomba la maji: Jumatatu kwa huyu, Jumatano kwa yule. Nani ana mahojiano, nani ana harusi ya dada yake, nani anasoma neno kanisani, tulipanga.

Halafu ikafika wiki ambayo wawili wetu waliitwa mahojiano asubuhi moja, saa mbili na saa mbili na nusu, ofisi moja, hapahapa Kakuma. Tukakubaliana wa kwanza akitoka atavua, wa pili atavaa nyuma ya ukuta. Lakini kiatu nacho kilikuwa na maoni yake. Kabla hata ya kuvuka laga, joto lilikuwa limelegeza gundi na soli ya kulia ikafungua mdomo. Mwenzetu alifika anaburuta mguu. Yule wa pili aliingia na raba zake za mpira, zina vumbi, na suruali ya suti aliyopewa na mjomba wake, imejikunja juu ya raba kama soksi iliyoteremka. Alipotoka alituambia hawakumuuliza vibaya. Ila kila mmoja aliyekaa mezani alianza kumtazama miguuni, kisha usoni. Alisema, "Nilikuwa nimejiandaa kujibu maswali, nikajikuta naficha miguu chini ya kiti."

Jioni tulikaa tukasema ukweli. Kununua viatu vinne vya ngozi hatuwezi. Raba kila mmoja anayo, au anaweza kuipata kwenye mitumba. Basi swali likawa moja: raba inaweza kukaa na suruali ya kitambaa, au sketi iliyoshonwa vizuri, na mtu akaonekana amevaa kwa heshima? Wengine wetu walisema hapana, raba ni ya mpira na ya kuchota maji. Wengine wakasema mbona kwenye simu tunaona watu na suti na raba nyeupe na wamependeza. Tukajaribu. Tulivaa vilevile kama wale wa kwenye simu, na tukaonekana kama watu waliosahau kubadilisha viatu. Kitu fulani tulikuwa hatukijui.

Aliyetufundisha ni papa mmoja fundi cherehani, Mkongo kutoka upande wa Uvira, ana mashine yake chini ya turubai kule sokoni. Tulimpelekea ile suruali ya mjomba. Akamwambia mwenzetu aivae na raba, asimame, kisha akazunguka akimwangalia chini tu. Akacheka kidogo.

"Batoto, sulie haina makosa. Pantalo njo iko na makosa. Hii pantalo ilishonewa kiatu ingine."

Hapo ndipo somo lilipoanza, na tunaliandika hapa juu limetusaidia.

Suruali ya suti, papa alituambia, hukatwa kwa ajili ya kiatu cha ngozi. Kiatu hicho ni chembamba, kiko chini mbele, na kina kisigino kigumu nyuma. Kwa hiyo kitambaa kinashuka, kinalala mbele ya kiatu kwa mkunjo mmoja mdogo, na nyuma kinafika karibu na kisigino. Kinatulia. Raba ni kitu kingine. Ni pana, ni nene, na ulimi wake umesimama juu mbele ya mguu. Suruali ileile ikishuka, inakutana na ulimi mapema, haina pa kulala, inarundikana. Huo mrundikano ndio macho yanauona kwanza. Mtu anadhani anatazama raba, kumbe anatazama kitambaa kilichozidi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni urefu. Suruali ya kuvaa na raba inaishia pale inapogusa tu juu ya ulimi wa raba, bila mkunjo. Ukisimama, upindo uko karibu na kifundo cha mguu. Kwa wengi wetu hiyo ilimaanisha kupandisha sentimita 4 au 5 kutoka urefu wa kiatu cha ofisi.

Namna ya kupima ina siri yake. Unavaa raba ileile utakayotumia, siyo kandambili, siyo miguu mitupu. Unafunga mkanda pale utakapoufunga siku yenyewe, maana suruali ikishuka kiunoni sentimita 2, na chini inashuka sentimita 2. Halafu unasimama wima ukiangalia mbele, na mtu mwingine anaweka pini. Ukiinama kujiangalia, kiuno kinakunjika, mguu wa suruali unasogea, na kipimo kinakuwa cha uongo. Wawili wetu walijipima wenyewe na kioo kidogo, wakaishia na suruali za kuvukia mto. Siku hizi hatupimi peke yetu.

Kazi ya pili ni upana wa chini. Suruali nyingi za mitumba, hasa za suti za zamani, ukizilaza mezani na kupima mdomo wa mguu, zina sentimita 22 hadi 24. Upana huo ukifupishwa tu bila kupunguzwa, mguu unaning'inia kama kengele juu ya raba. Papa anapenda ibaki 18 au 19. Tulimwuliza kwa nini asiende 15 kama tunavyoona kwa wengine. Akachukua futi, akaizungusha kwenye kisigino cha mwenzetu na juu ya mguu, ile njia ambayo mguu unapita ukiingia kwenye suruali. Ilikuwa sentimita 34. Suruali ya kitambaa haivutiki kama ya mpira, kwa hiyo mdomo wa 17 ukilazwa, yaani 34 kuzunguka, tayari kisigino kinagombana nao. Chini ya hapo unavaa kwa vita. Tena ikibana sana, shavu la mguu linashika kitambaa, na ukikaa kisha ukasimama, suruali inabaki juu. Utakuwa unaivuta mbele ya watu.

Sasa tuseme ile suruali ya mjomba, hatua kwa hatua, ili ukienda kwa fundi wako ujue unaomba nini.

Ilikuwa ya kijivu, kitambaa cha polista kilichochanganywa, haijachakaa. Kiuno kilimzidi sentimita 4. Mguu wa ndani, kutoka kwenye msamba hadi chini, ulikuwa 81. Mdomo wa chini, 23.

Kiuno kilipunguzwa nyuma, kwenye mshono wa katikati. Sentimita 4 zilikubali. Papa alisema akizidisha 5 hivi, mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana, na ikikaribiana sana kila mtu anajua suruali ilikuwa ya mtu mwingine. Kwa hiyo ukichagua suruali mtumbani, usichukue ile inayokuzidi mkono mzima ati fundi atajua. Fundi ana mwisho wake. Na mabega ya koti na msamba wa suruali ni vitu viwili ambavyo ni afadhali viwe vimekukaa tangu mwanzo.

Kisha urefu. Kwa raba alizovaa, pini iliwekwa kwenye 76. Papa akachora mstari wa chaki hapo, halafu akaacha sentimita 4 chini ya mstari kwa ajili ya upindo, akakata zilizobaki. Usikubali upindo wa sentimita moja. Upindo wa 4 una uzito, unavuta kitambaa chini kikae sawa, na kama siku moja utapata kiatu cha ofisi, una akiba ya kuteremsha.

Kisha upana, kutoka 23 hadi 18 na nusu. Tofauti ni sentimita 4 na nusu. Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu. Wanapunguza zote kutoka mshono mmoja, wa ndani, juu ni rahisi kuufikia. Matokeo yake, ile laini ya pasi iliyokuwa katikati ya mguu inahama na kuelekea upande, na mguu unaonekana kama umejipinda. Papa alichukua sentimita 2 na robo mshono wa ndani na 2 na robo mshono wa nje, akianzia sifuri kwenye goti na kushuka taratibu. Ukitaka kujua kama kazi ni nzuri, shika suruali uikunje mshono juu ya mshono. Laini ya pasi ikikaa ukingoni kabisa, mbele na nyuma, ni sawa. Ikiingia ndani, rudisha.

Kuna kitu kimoja kidogo tulikipenda sana. Mguu unaopungua kuelekea chini, ukiukunja upindo kwenda juu, ile sehemu inayokunjwa ni nyembamba kuliko pale inapotakiwa kulala. Inavuta, na upindo unakuwa na mikunjo kama midomo ya mzee. Kwa hiyo chini ya mstari wa chaki papa alifanya mshono urudi nje tena kidogo, ili upindo ukikunjwa ulingane na mguu. Halafu upindo wenyewe aliushona kwa mkono, akichota uzi mmoja mmoja wa kitambaa, ili nje usionekane mshono. Mshono wa mashine unaozunguka chini ni wa jinzi. Ukiuweka kwenye suruali ya kitambaa na ukavaa raba, heshima yote inashuka.

Kazi yote ilichukua siku mbili, ikatugharimu shilingi 200. Mwenzetu alipovaa tena na raba zilezile, tulinyamaza. Suruali ilishuka moja kwa moja kama mstari, ikaishia juu ya ulimi. Lakini sasa, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimetulia, macho yalikwenda kwenye raba zenyewe. Na raba zilikuwa aibu.

Raba yenyewe ina masharti. Iwe fupi, chini ya kifundo. Iwe rangi moja, nyeupe au nyeusi au kahawia. Soli isiwe ya mawimbi na mito ya hewa kama ya kukimbilia, iwe bapa. Maandishi na nembo ziwe ndogo au zisiwepo. Ile ya wavuwavu inayopitisha hewa ni nzuri kwa joto la Kakuma, lakini kando ya suruali yenye laini ya pasi inaonekana kama mtu ametoka uwanjani. Ya ngozi au ya plastiki inayofanana na ngozi ndiyo bora, pia juu inafutika. Ya turubai, kama zile za michezo tulizovaa shuleni, inakubali kama ni safi kabisa na haijapasuka pale vidole vinapokunjika.

Kwenye mitumba tunafanya majaribio mawili kabla ya kutoa pesa. La kwanza, tunaikunja raba na kuangalia kama soli inaachana na juu. Hilo fundi viatu anaweza kulitengeneza kwa gundi na uzi. La pili, tunabonyeza pembeni ya soli kwa kidole gumba, kwa nguvu. Kuna soli laini ambazo zinaoza zenyewe kwa unyevu wa hewa hata kama raba haikuvaliwa, imekaa tu stoo miaka. Kwa nje inaonekana mpya kabisa. Ukibonyeza, inafanya ufa au inatoa vipande kama keki kavu. Hiyo iache hata ukipewa kwa shilingi 50, hakuna gundi itakayoiokoa. Mmoja wetu aliinunua kwa 600, nyeupe kama maziwa, ikamwagika njiani siku ya tatu.

Sasa kusafisha, maana hapa kwetu vumbi halina likizo. Kosa letu la kwanza lilikuwa maji. Ukimwagia raba yenye vumbi maji, umetengeneza tope, na tope linaingia kwenye mashimo ya uzi na haliondoki tena. Kwanza ni kavu. Toa kamba, toa soli ya ndani, gonga raba mbili moja kwa nyingine, halafu piga brashi kavu kila mahali, hasa pale soli inapokutana na ngozi. Baada ya hapo, nusu kikombe cha maji na sabuni kidogo inatosha. Tunajua maji ni ya foleni, na kweli hauhitaji zaidi ya vikombe viwili kwa kazi nzima. Mswaki wa zamani unasugua soli kwanza, kwa sababu soli ndiyo chafu zaidi. Kisha kitambaa kingine, siyo kilekile cha soli, kinafuta juu. Mwisho kitambaa chenye maji safi kinaondoa sabuni.

Kosa la pili lilikuwa jiki. Tuliwaza, nyeupe inataka jiki. Tukaloweka raba za turubai usiku kucha, tukaanika juani. Mchana zilikuwa rangi ya dengu. Jiki inaweza kuichoma mpira na gundi ikazigeuza za manjano, na sabuni iliyobaki kwenye turubai nayo, maji yakikauka, inapanda juu na kuacha madoa ya njano. Kwa hiyo siku hizi turubai tunaisuuza sana, tunaijaza karatasi ndani isipoteze umbo, kisha tunaifunika juu yote kwa karatasi ya chooni nyeupe ikiwa bado mbichi, na kuianika kivulini. Inapokauka, uchafu na njano vinahamia kwenye karatasi. Ukiibandua unaiona karatasi imebadilika rangi, na raba imebaki nyeupe. Kamba tunazifua peke yake, na zikiwa zimechoka tunanunua mpya. Kamba mpya zinabadilisha raba kuliko kitu chochote kingine cha bei hiyo.

Dada zetu wa kikundi walisikiliza haya yote, kisha wakasema, "Sawa, na sisi?" Walikuwa na haki. Sketi ina mambo yake.

Yaya mmoja kati yetu alikuwa na sketi nyeusi nyembamba ya ofisi, ya mtumba, inafika katikati ya shavu la mguu. Na viatu vya kisigino sketi ile ilikuwa inampendeza. Na raba ilimfupisha, akaonekana mzito chini. Papa fundi alimtuma kwa mama mmoja jirani yake ambaye ndiye mshona sketi. Mama akamwambia jambo moja tu: "Mwanangu, sketi isikate mguu pale ulipo mnene." Kisigino kirefu kinabadilisha umbo la mguu, kinaurefusha, kwa hiyo sketi inaweza kuishia popote. Raba bapa haina msaada huo. Upindo uishie mahali mguu umepungua: ama chini kidogo ya goti, ama chini ya shavu la mguu karibu na kifundo. Yaya alichagua chini ya goti, sentimita 6 hivi, kwa sababu anakaa mbele ya watu na hataki kuvutavuta.

Jambo la pili mama aliliona yaya alipotembea. Mwenye kisigino anatembea hatua fupi, na sketi nyembamba imekatwa kwa hatua hizo. Mwenye raba anatembea hatua zake kamili, na hapa Kakuma tunatembea mbali. Mpasuo wa nyuma unavutwa kila hatua mpaka uzi unakatika pale juu, na unapasuka ukiwa katikati ya njia. Mama aliushonea pembe tatu ndogo ya kuimarisha pale mpasuo unapoanzia, na ndani akaweka kipande cha kitambaa cha kuushikilia. Kama mpasuo ni mfupi mno kwa hatua zako, ni bora sketi iliyopanuka kidogo chini au yenye marinda, maana hiyo haihitaji mpasuo.

Kwa dada zetu wanaovaa sketi ndefu hadi chini, hatari ni vumbi. Sketi iliyopimwa na kiatu cha kisigino cha sentimita 6, ukivaa raba bapa itafagia njia yote. Ipimwe upya na raba, na ibaki sentimita 3 au 4 juu ya ardhi, ncha ya raba ionekane. Na sketi ya kitenge nayo ni ya fundi, msiiache nje. Kitenge kina kelele ya rangi tayari, kwa hiyo raba iwe nyeupe tupu au nyeusi tupu. Hapo baba zetu wa Kongo wametuachia kanuni. Wasapeur, wale Papa Wemba aliowafanya wajulikane duniani, wanasema mavazi yasizidi rangi tatu. Raba nyeupe ni rangi, ihesabu.

Soksi tulibishana wiki nzima, tukaishia hivi: ama fupi zilizofichika ndani ya raba, ama ndefu za rangi ya suruali. Soksi nyeupe ya michezo inayochungulia kati ya suruali ya kijivu na raba inarudisha kila kitu uwanjani. Na pasi, kama ni ya mkaa, ijaribu kwanza kwenye kitambaa cha zamani, uone kama inatema majivu, kisha weka kitambaa chenye unyevu juu ya suruali kabla ya kupiga. Polista ikiguswa moja kwa moja na pasi ya moto inang'aa, na mng'ao huo hautoki.

Mwisho wa yote, raba ndiyo kitu pekee kilicholegea. Ukiivaa, vingine vyote vikaze: shati lenye kola limechomekwa, mkanda, hakuna tisheti yenye maandishi. Vitu viwili vilivyolegea ni mtu wa mapumziko. Kimoja ni mtu aliyeamua.

Siku ya mahojiano mengine, wawili wetu walikwenda tena: yule wa suruali ya kijivu, na yaya wa sketi nyeusi. Walivuka laga na kandambili, raba ziko ndani ya mfuko wa plastiki, kitambaa chenye unyevu pembeni. Karibu na geti walikaa kwenye jiwe, wakafuta miguu, wakavaa. Hilo nalo ni sehemu ya mavazi, ndugu zetu. Raba safi ya Kakuma haitembei, inabebwa.

Yaya alipata kazi ya miezi mitatu. Mwenzetu hakupata, kulikuwa na lugha moja waliyoitaka ambayo haijui. Hatutawadanganya kwamba suruali ingembadilishia hilo. Lakini alipotoka tulimwuliza kama kawaida walimtazama wapi. Akafikiri kidogo. "Usoni," akasema. "Waliniuliza, nikajibu, nikasahau nina miguu."

Kuna mahali bado hatuendi na raba. Kuna makanisa na shule zenye masharti yao, na kuna wazee ambao kwenye msiba watahisi umewadharau. Hapo tunauliza kwanza. Raba nyeusi tupu, ya ngozi, yenye soli nyeusi, inapita sehemu nyingi ambazo nyeupe haipiti, na kama unaweza kununua moja tu, nunua hiyo. Kiatu cha ofisi kilishonwa na fundi viatu, bado kipo, kinalala kwenye boksi pamoja na futi yetu. Sasa kinatoka kwa misiba na harusi tu, na foleni yake imepungua.

Na nyinyi mnaotuhoji, wengi wenu mnavaa raba kila siku kazini na tunaziona. Tunaposimama mlangoni na za kwetu, mjue zimevuka laga ndani ya mfuko.